Mwaka Mzima wa Kuitwa Jirani

Siku niliyopasuliwa kidole tumbo, mwanamke aliyenifikisha hospitali aliulizwa na muuguzi yeye ni nani wangu. Alikuwa amenikokota begani nusu ya njia, viatu vyangu amevishika mkononi, na kitalu chake cha miche amekiacha wazi kwa mbuzi wa watu. Akafikiri kidogo. Akasema, "Jirani."

Nilikuwa na maumivu ya kumfanya mtu asahau jina la mama yake, lakini neno lile nililisikia vizuri. Na wala si jirani. Mimi naishi Uyole, karibu na barabara kuu ambako malori yanalala yakisubiri kuendelea na safari ya Tunduma, na yeye anaishi upande wa pili wa mji, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Kwa sababu ya ujirani huo alizuiwa mlangoni siku mbili, maana nje ya saa za kuona wagonjwa waliruhusiwa ndugu tu. Uji wake ulinifikia kwa mikono ya mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha tatu. Mama yule alinitazama nikinywa, akaniuliza, "Jirani gani huyu anaweka karanga na maziwa kwenye uji?"

Nilicheka mpaka mshono ukanichoma. Kisha nikageukia ukuta, nikaona uchungu.

Wakati huo tulikuwa na miezi kumi na moja. Tulikutana aliponiletea simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya kumwagilia. Mimi ni fundi wa simu, redio na spika, na nina ugonjwa ambao mafundi wengi wanao: nikiona kitu kimefungwa, mkono unaniwasha. Nilipoifungua simu yake nilikuta udongo mwekundu umejaa kila tundu, nikamuuliza anafanya kazi gani. Akanieleza habari za miche ya parachichi kwa muda mrefu kuliko nilivyouliza. Anaotesha kokwa za parachichi za kienyeji, shina likifikia unene wa penseli analikata, analipasua, anachomeka kikonyo cha parachichi ya kisasa, anafunga kwa ukanda wa plastiki, anasubiri. Kazi hiyo wanaiita kubebesha. Siku ya tatu nilikuwa kitaluni kwake nimeshika ukanda wa plastiki, na jioni hiyo nikala kwake.

Tangu siku hiyo tulikuwa pamoja kwa kila namna ambayo watu wawili huwa pamoja. Alijua sili kisamvu. Nilijua anaota ndoto mbaya upepo ukivuma. Funguo za kwake nilikuwa nazo. Lakini wateja wake walipouliza mimi ni nani, alisema, "Ni fundi wangu huyu." Kwa mwenye nyumba wake nilikuwa "mgeni." Kwenye simu yake nimeandikwa hadi leo Fundi Uyole, kana kwamba kuna mafundi wengine wa Mafinga na wa Tukuyu wanaongoja zamu. Nilipomuuliza sisi ni nini, alinijibu kwa swali: "Kwani wewe umekosa nini?" Na kweli, ukiniambia nitaje nilichokosa, nilikuwa sina cha kutaja ila hilo neno lenyewe.

Mtu mwingine angenuna. Mimi nilinuna pia, sitadanganya, lakini zaidi nilitaka kujua. Nilianza kumchunguza jinsi ninavyochunguza redio inayokatakata sauti. Redio ya namna hiyo usiipige makofi. Iache iimbe, uangalie inakatika wakati gani.

Nikagundua jambo. Alikuwa hakai mbali nami tukigombana. Tukigombana alikuja upesi, akatengeneza. Alikuwa anakwenda mbali tukifurahi. Tukiwa na Jumapili nzuri, tumepika, tumecheka, amelala mchana kichwa chake kifuani pangu, basi Jumatatu na Jumanne simu haipokelewi, na Jumatano unakuja ujumbe: "Miche imenishika." Nilipougua alikuwa karibu kuliko ndugu yangu yeyote. Niliporudi nyumbani nikaweza kusimama mwenyewe, akapotea siku tano. Mtu asiyekupenda hafanyi hivyo. Asiyekupenda hupotea ukiugua.

Nilimweleza dada yangu mkubwa, anayeishi Iringa na mama. Dada yangu hana subira na mafumbo. "Mdogo wangu," aliniambia kwenye simu, "mtu akikutaka hakosi jina la kukuita. Huyo ana mume mahali. Au anakuweka akiba. Una miaka arobaini na moja, unaishi kama mwanafunzi wa chuo. Mama anauliza kila siku kama atakufa bila kumwona mkwe wa upande wako." Nikamwambia hana mume. "Umeuliza?" Nimeuliza. "Akasemaje?" Akacheka. "Eti akacheka," alisema dada yangu, na simu ikakatwa.

Kwa hiyo nilikuwa na maelezo matatu mezani: ana mtu mwingine, hanitaki, au anapenda uhuru wake. La kwanza nililitupa, maana mtu mwenye mwingine hakupi funguo. Mawili yaliyobaki yalinikosesha raha. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza niliyetamani kuzeeka naye, na nilikuwa naona kabisa kwamba siku moja atapotea siku tano, kisha kumi, kisha basi, nami sitakuwa na haki ya kumuuliza mtu yeyote kaenda wapi. Utaripotije kupotelewa na jirani?

Mwezi mmoja baada ya kutoka hospitali aliniomba nimsindikize kwao Igowole. Mama yake alikuwa ameugua sana mwaka huo, akapona, na Jumapili angetoa shukrani kanisani. Yeye alitaka kupeleka miche thelathini kama sadaka, na miche thelathini haibebwi na mtu mmoja. Ndivyo alivyosema. Mimi nilisikia kingine: mwanamke ananipeleka kwao.

Njiani alinipa sharti moja. "Pale kanisani wageni wanasimamishwa. Ukisimama, taja jina, sema umetoka Uyole, kaa. Usiongeze kitu."

"Niongeze nini?"

"Nakujua wewe. Mdomo wako hauna breki."

Igowole asubuhi ina ukungu mzito, na kanisa lilikuwa na baridi ya kutosha watu kuimba wakiwa wameingiza mikono kwenye makwapa. Yeye alikaa upande wa wanawake na mama yake, mimi nikakaa upande wa wanaume nyuma ya baba yake mdogo, mdogo wa marehemu baba yake, mzee wa kanisa aliyenyooka mgongo kama fimbo ya kupimia. Mama akatoa shukrani zake. Miche ikapelekwa mbele, watu wakapiga makofi. Kisha msoma matangazo akasema wageni wasimame.

Tulikuwa wanne. Wa kwanza, kijana aliyetoka Makambako, alijitambulisha kuwa ni mkwe wa nyumba fulani. Kanisa likasema karibu mkwe. Wa pili, mama mmoja, alikuwa shangazi wa fulani. Karibu shangazi. Wa tatu alikuwa mwalimu mgeni. Kila mmoja alikuwa na kamba iliyomfunga kwa mtu mle ndani. Zamu yangu ilipofika nikatazama upande wa wanawake, nikamwona ameinamia kitabu cha nyimbo. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Bwana Yesu asifiwe. Natokea Uyole, Mbeya. Mimi ni mchumba wa..." nikamtaja.

Vigelegele vilipaa. Wanawake wa kwaya walisimama. Mama yake alishika mdomo kwa mikono miwili. Na yeye, ambaye nilitegemea atakasirika au atacheka, hakufanya lolote kati ya hayo. Alibadilika rangi, akawa kama mtu aliyeitwa na hakimu. Baba yake mdogo aligeuka taratibu akanitazama usoni, na hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba nimefungua kitu ambacho sijui kukifunga.

Niliijua mila, lakini nilijitia nimeisahau. Kwetu huku mchumba si mtu unayempenda tu. Ukijiita mchumba mbele ya watu, maana yake pana mshenga, pana barua ya posa, pana kikao kilichokaa kikakubali. Mimi nilikuwa sijatuma hata salamu. Ibada ilipokwisha hatukupewa hata nafasi ya kusemezana. Chai ilipotengwa nyumbani, sebule ilikuwa tayari imejaa: baba mdogo, mjomba, shangazi wawili, mama, na mimi kwenye kiti karibu na mlango.

Baba mdogo alimwita yeye kutoka jikoni. Akaja, akapiga magoti kuwasalimu wakubwa, akakaa kwenye mkeka bila kunitazama.

"Binti yangu," alisema baba mdogo, "huyu bwana ametuambia jambo mbele ya madhabahu. Barua yake hatuijui. Mshenga wake hatumjui. Sasa tunakuuliza wewe, kama desturi inavyosema. Unamjua huyu?"

Mtu wa mbali anaweza kudhani ni swali jepesi. Binti akisema namjua, wageni wamepokelewa, mambo yaanze. Akisema simjui, wageni wanachukua kofia zao, na siku ile mimi ningetoka pale ni mwongo niliyedanganya kanisa zima. Hakuna jibu la tatu. Niliangalia mikono yake, yenye makovu madogo ya kisu cha kubebeshea, na nikaona inanyofoa ukindu wa mkeka. Mwaka mzima nilikuwa nimetamani kumwona anabanwa ajibu. Sasa amebanwa, na sikupenda nilichokiona.

Baba mdogo akauliza mara ya pili. Shangazi mmoja akasema, "Sema mama, usiogope."

Nikasimama. "Wazee wangu, naomba msimuulize. Nimesema uongo. Hakunipa jina hilo. Aliniambia niseme natoka Uyole nikae, mimi nikaongeza yangu."

Jikoni mtu aliangusha kifuniko cha sufuria.

"Kijana," alisema baba mdogo, "kanisa si kijiwe. Maji yakimwagika hayazoleki. Ila uliyemwaga utakuja kupiga deki mwenyewe. Ulilisema hadharani, utalifuta hadharani. Jumapili ijayo."

Yeye aliondoka mapema Jumatatu kabla sijaamka. Jirani wa mama yake, niliyelala kwake, aliniambia amepita alfajiri na begi lake.

Juma lile sikumbuki nilitengeneza nini. Nakumbuka kwamba nilimpigia mara nyingi siku ya kwanza, mara chache ya pili, na ya tatu nikaacha, kwa sababu niliona aibu. Jumamosi nikarudi Igowole peke yangu. Jumapili waliposimamisha wageni nikasimama, nikasema nilichotakiwa kusema: kwamba wiki iliyopita nilijiita mchumba wa mtu ambaye hakuniambia niseme hivyo, kwamba kosa ni langu, yeye hana lake, naomba radhi kwake, kwa wazazi na kwa usharika. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mtoto mmoja alicheka akafinywa. Nilikaa, na baba mdogo aliyekuwa mbele yangu akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanishika goti kidogo, akaurudisha mkono.

Baada ya ibada mama yake alinichukua nyumbani akanipa chai na viazi vya kuchemsha. Alimenya viazi vyangu mwenyewe, kana kwamba mimi ni mtoto, na akazungumza akiwa anamenya.

"Hakukueleza," alisema.

"Hakunieleza nini mama?"

"Miaka tisa imepita. Alikuwa anaimba kwaya pale pale mbele. Matangazo ya ndoa yake yalisomwa Jumapili ya kwanza, yakasomwa ya pili. Ya tatu, mchungaji aliposema mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii aseme, akasimama mwanamke nyuma. Ana mtoto mgongoni, na mwingine amemshika mkono. Akasema, huyo ni mume wangu, tunaishi naye Makambako." Akaniwekea kiazi kwenye sahani. "Mwanangu alikuwa amesimama pale mbele na joho la kwaya. Watu wote wakageuka. Hawakumtazama yule mwanaume. Walimtazama yeye."

Kile kiazi nikakisogeza pembeni.

"Halafu wakaja hapa kama msiba. Wiki nzima watu wanakaa, wanampa pole, wanataka kujua alijua au hakujua. Baba yake aliacha kwenda kanisani. Alikufa mwaka uliofuata, ni moyo, alikuwa nao siku nyingi, lakini yeye anaamini ni yale. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwanangu haogopi mwanaume, wala haogopi kupika na kufua. Anaogopa kusimamishwa. Na wewe ukamsimamisha, tena mle mle."

Nilimwambia laiti ningejua. Akanikatiza, na hili ndilo neno ambalo bado nalitafuna.

"Ila na wewe usimfanye mgonjwa. Watu wa siku hizi mtu akikataa wanasema anaogopa. Inawezekana anaogopa, na inawezekana pia hakutaki. Hayo ni mawili. Lazima aulizwe vizuri, na akisema hapana, iwe hapana."

Niliporudi Uyole nikaanza kuelewa yale niliyokuwa nimeyaona bila kuyaelewa. Kwa nini alikimbia furaha na siyo ugomvi: ile Jumapili ya tatu ilikuwa siku yake nzuri kuliko zote mpaka yule mama aliposimama. Mwili wake ulikuwa umejifunza kwamba raha ikizidi kuna mtu yuko nyuma atasimama. Kwa nini alikuwa karibu nilipougua: mgonjwa hatangazwi, anauguzwa. Na kwa nini vitendo vilikuwa vingi na neno hakuna. Kitendo ni cha watu wawili, lakini neno likishatoka ni la kijiji kizima. Nilifurahi kuelewa, kama fundi. Halafu nikaona haya kufurahi.

Ilipita karibu mwezi ndipo alipokuja dukani kwangu. Alisubiri mteja aondoke, akavuta stuli.

"Mama kakwambia."

"Kaniambia."

"Sikutaka ujue. Siri kama ile ukishampa mtu, siku akikasirika anakupiga nayo." Aliokota skrubu kwenye meza yangu akaigeuzageuza. "Yule naye alinisemea. Hakuniuliza kama nataka matangazo yaanze, alikwenda kwa mchungaji akaniletea tarehe. Na wewe ulinisemea. Nilipokusikia pale nikasema basi, wote ni mmoja."

"Na sasa?"

"Yule hakurudi kufuta." Akairudisha skrubu mezani. "Lakini na mimi nina langu nikwambie. Isiwe kila kitu ni yale ya Igowole. Kutokukuita kitu kulinifaa. Ukichelewa kuja siulizwi kwa nini nimenuna. Nikipotea siku tano huna la kunidai. Nilikula nyama, nikakuachia mifupa, na niliiona. Sikuwa naogopa tu, nilikuwa mbinafsi pia."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa heshima kubwa kama ile, kunieleza ubaya wake bila kulia. Nami nikamwambia yangu: kwamba nampenda, kwamba naweza kungoja, lakini siwezi kungoja bila mwisho, na kwamba kwa miezi ile nilikuwa nimeanza kujidharau. Akaitikia kwa kichwa. Tukapatana hivi: sitauliza, sitadokeza, sitatuma dada. Miche iliyobebeshwa ikitoka kitaluni, nitamuuliza mara moja, tukiwa wawili, naye atajibu ndiyo au hapana. Na akipotea baada ya siku nzuri, atume ujumbe wa kweli badala ya ule wa miche.

Ujumbe wa kweli wa kwanza ulikuja Jumatatu moja: "Jana nilifurahi sana. Leo tumbo linaniuma kwa hofu. Nitakuja Alhamisi." Akaja Jumatano.

Sikuuliza. Jamani, sikuuliza! Wanaonijua hawaamini. Nilijiuma ulimi miezi mitatu. Nilimwona kidogo kidogo anapungua kukimbia, kutoka siku tano kwenda tatu, kwenda jioni moja. Haikuwa safari iliyonyooka. Kuna wiki moja alirudi nyuma kabisa, nikasema imekwisha. Lakini alirudi.

Kisha jioni moja kitaluni, miche ya kwanza ikiwa imeshapakiwa kwenye gari la mnunuzi, nilikuwa najiandaa kuuliza swali langu, maneno nimeyapanga, akanitangulia.

"Jumamosi twende Iringa," alisema akiwa ananawa mikono kwenye ndoo. "Unipeleke kwa mama yako. Nimefikiri. Ndiyo."

Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo sikulitegemea. Nilisikia baridi. Siyo furaha, baridi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Jumamosi hii? Jumamosi hii nina spika za watu, harusi ile..." Nikaendelea. Nikataja mvua. Nikataja dada kwamba huenda amesafiri. Nikasema mama apewe taarifa, si vizuri kumshtukiza, labda mwisho wa mwezi, labda baada ya mavuno, tusiharakishe.

Aliacha kunawa. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye viwiko vyake. Nilitarajia aumie, na ningestahili. Badala yake uso wake ulikuwa umejaa udadisi mtupu, ule ule niliodhani ni wangu peke yangu.

"We bwana," alisema, "unaogopa nini?"

Mwaka mzima nilikuwa na majibu ya hofu yake. Nilikuwa nimeipima, nimeiandika kichwani, nimeifungua skrubu moja moja. Ya kwangu sikuwa nimeigusa. Nyani haoni kundule. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na nilipoanza kusema nilikuwa nasikia pamoja naye kwa mara ya kwanza.

Nilimwambia baba yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na alikuwa mtu mwepesi sana wa kutoa jina. Mama yangu alikuwa mke wake Iringa. Palikuwa na mke wake Tunduma, na mke wake Uyole, na ndiyo maana mimi niko Uyole, nilikuja kumtafuta baba. Wote aliwaita mke wangu kwa sauti nzuri, mbele za watu, na wote aliwaacha. Nilimwambia kwamba wanawake niliowapenda kabla yake walikuwa na mashaka kama yeye: mmoja alikuwa anahama nchi, mwingine hakuwa amemsahau mtu wake. Siku zote mimi ndiye niliyeomba, na siku zote wao ndio waliokataa, nami nikaonekana mtu mwema. Mtu anayeomba kwa mwanamke asiyeweza kukubali hapati nafasi ya kumwacha.

"Naogopa nikuite mke wangu," nilisema, "halafu niwe yeye."

Hakunikumbatia. Aliketi kwenye tuta la mchanga, mikono ikikauka, akafikiri. "Basi hata lile la kanisani," alisema mwishowe, "ulilisema kwa sababu ulijua nitakataa."

Nilitaka kubisha. Nikasema ni kweli.

Akacheka, kicheko cha kweli, kirefu, mpaka akafuta macho kwa bega. "Mwaka mzima nilidhani mwoga ni mimi peke yangu. Jumamosi ni hii hii. Tutakwenda hivyo hivyo na woga wetu."

Tulikwenda. Tulipofika Iringa upepo ulikuwa unazoa vumbi kwenye mawe ya kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu, na mama alikuwa mlangoni amejifunga khanga mbili. Alitusalimu kwa Kihehe, kamwene, tukaitikia. Akaniangalia, akamwangalia yeye, akaniangalia tena, akangoja. Dada yangu alikuwa nyuma yake, kimya kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Nilijua neno lenyewe. Niliwahi kulitangaza kwa kanisa zima. Sasa lilikuwa la kweli, na ulimi ulikuwa umenigandia.

Nikasikia vidole vyenye makovu vinashika mkono wangu, vimelowa jasho.

"Shikamoo mama," alisema. "Mimi ni mchumba wake. Yeye anakuja, mpe dakika."